Kinyongo Hulelewa na Kimya

Timu inayofanya kazi kwa maandishi, kila mtu akiwa mji wake, huelewana vibaya karibu kila wiki, na sehemu kubwa ya makosa hayo hupita bila madhara. Machache hukaa. Mwaka mzima baadaye utakuta watu wawili ambao hawajawahi kugombana waziwazi, lakini mmoja akiandika mwenzake anasoma amekunja uso, anajibu kwa neno moja, na kazi inayowahusu wote wawili inazungushwa kwa mtu wa tatu. Ukiwauliza chanzo, kila mmoja atakuonyesha ujumbe fulani alioutunza. Maelezo tunayopewa kwa kawaida ni kwamba watu hawajui kuandika kwa adabu, na tiba inayofuata ni semina ya mawasiliano. Nadhani maelezo hayo yanashika tawi na kuacha shina. Kusoma vibaya sauti ya ujumbe ni jambo la kutarajiwa, kwa sababu maandishi hayabebi sauti kwa kiwango tunachodhani. Kinachogeuza kosa hilo kuwa kinyongo ni muda unaopita kati ya msomaji kuumia na mwandishi kupata habari kwamba ameumiza. Ofisini muda huo huwa saa chache. Katika timu ya mbali unaweza kuwa miezi, na mara nyingi habari hiyo haimfikii kabisa.

Tuanze na kosa lenyewe, maana wengi bado wanaamini kuwa mtu mwenye akili timamu akisoma kwa makini ataelewa. Mwaka 2005 wanasaikolojia Justin Kruger na Nicholas Epley, pamoja na wenzao wawili, walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa wanafunzi wa chuo nchini Marekani. Katika mojawapo, wanafunzi walipewa sentensi za kuwafikishia wenzao, baadhi wakizimaanisha na baadhi wakizisema kwa kejeli. Wengine walitumia barua pepe, wengine sauti. Kabla ya kutuma walikadiria ni mara ngapi wangeeleweka, na makundi yote mawili yalitaja takriban asilimia 78. Waliosikia sauti walielewa kwa asilimia 73, kwa hiyo makadirio hayakuwa mbali na ukweli. Waliosoma walielewa kwa asilimia 56, na kwa kuwa majibu yalikuwa mawili tu, kurusha shilingi kungewapa 50. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba waandishi wa barua pepe hawakuwa na wasiwasi wowote. Walijiamini sawa kabisa na wale waliozungumza.

Sababu yake ilikwishaonyeshwa miaka 15 kabla. Elizabeth Newton, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stanford ya mwaka 1990, aliwataka watu wagonge mezani kwa vidole midundo ya nyimbo zinazojulikana na kila mtu. Wagongaji walidhani nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, wasikilizaji walizitambua tatu. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani mwake, na ala zake na maneno yake. Aliyeketi mbele yake anasikia ko-ko-ko tu. Anayeandika ujumbe wa kazi yuko katika hali hiyo hiyo. Anapoandika, sauti yake mwenyewe inamsomea sentensi kwa upole au kwa haraka isiyo na ubaya, naye anadhani upole huo umeingia kwenye herufi.

Kosa hili, kwa bahati mbaya, lina mwelekeo. Kristin Byron, mtafiti wa menejimenti, alichambua mwaka 2008 jinsi hisia zinavyopotea katika barua pepe za kazini, akaeleza mielekeo miwili: ujumbe ulioandikwa kwa furaha husomwa kama mkavu, na ujumbe husomwa kama wenye ukali kuliko mwandishi alivyokusudia. Kwa maneno mengine kila kitu hushuka ngazi moja. Hilo linaeleza kwa nini hatusikii malalamiko ya mtu aliyedhani kwa makosa kuwa amesifiwa. Mtu akikosea, hukosea kuelekea kwenye maumivu, hasa kama aliyeandika ni mkubwa wake wa kazi.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa kila kipande chake kitafahamika kwa yeyote anayejua kazi za namna hii. Mradi unakusanya takwimu za kipato cha wavuvi wa Ukerewe. Mratibu, mwanamke, yuko Nairobi. Msimamizi wa wadodosaji, mwanamume, yuko Mwanza. Ijumaa vishikwambi viwili vinaharibika, na msimamizi anamwandikia fundi wa mitambo kwenye mazungumzo ya wawili. Mratibu hajui. Jumatatu asubuhi mratibu yuko kwenye kikao na mfadhili, anaulizwa takwimu zimefikia wapi, anafungua simu chini ya meza na kuandika: "Takwimu za Ukerewe hazijakamilika. Nitumie zote leo." Nairobi maneno hayo ni ombi la kawaida la mtu mwenye haraka. Mwanza, ambako hata bosi huanza kwa habari za asubuhi kisha anasema naomba, ni amri ya mtu aliyekasirika. Msimamizi anasoma, tiki zinageuka bluu, anakaa nusu saa, kisha anajibu: "Sawa." Kwake neno hilo limebeba kila kitu: nimeona, umenidharau, nitafanya ninachoweza. Kwa mratibu lina maana moja, kwamba takwimu zitafika kabla ya jua kuzama.

Msimamizi anapanda kivuko cha kwenda Nansio akavikague vishikwambi mwenyewe, na kwa siku mbili visiwani simu inashika mtandao kwa kubahatisha. Jumanne mratibu anatuma alama ya kuuliza, haijibiwi. Jumatano anaandika barua pepe, safari hii mkurugenzi akipewa nakala: "Kama nilivyoeleza Jumatatu, bado tunasubiri takwimu za Ukerewe." Moyoni mwake nakala ile ni ya kumtahadharisha mkurugenzi kwamba ripoti ya mfadhili inaweza kuchelewa. Msimamizi anaisoma usiku baada ya kurudi Nansio mjini, na anachokiona ni kwamba ameshtakiwa kabla ya kuulizwa. Alhamisi anatuma mafaili yote bila neno hata moja. Mratibu anajibu: "Asante." Mambo yameisha, takwimu zimefika, na hakuna ripoti yoyote ya mradi itakayoutaja mgogoro.

Wiki tatu baadaye wadodosaji wanamwambia msimamizi kwamba swali la kipato linawachanganya watu. Baadhi ya wavuvi wanataja kipato cha siku, wengine cha msimu, na fomu haitofautishi. Zamani angempigia mratibu simu saa ile ile. Sasa anafikiri: nikisema, atadhani natafuta kisingizio, na isitoshe hajaniuliza. Dodoso linaendelea kutumika mwezi mwingine mzima. Hasara ya kinyongo iko hapo, na ndiyo maana huchelewa kuonekana. Mtu mwenye kinyongo mara chache huacha kazi au kugoma. Anaacha kuleta habari ambazo hakuombwa, na timu za mbali zinaishi kwa habari za aina hiyo, kwa kuwa hakuna anayepita mezani kwa mwenzake na kuona kwamba jambo limeharibika.

Ukiurudia mfano huo taratibu utaona kwamba kila mmoja alikosa jambo moja dogo la kweli. Msimamizi hakujua habari ya kikao, mratibu hakujua habari ya vishikwambi. Catherine Cramton alifuatilia timu 13 za wanafunzi waliofanya kazi pamoja wakiwa mabara tofauti, na utafiti wake wa mwaka 2001 unaonyesha hali hii kwa kina. Kimya kilimaanisha kila kitu: nakubali, sikubali, nimesafiri, sijaona swali lako, nina mtihani, mtandao umekatika. Waliokuwa upande wa pili walichagua maana moja na kuendelea nayo. Na walipochagua, walielekea kulaumu tabia ya mtu kabla ya kufikiria mazingira yake, kwa sababu mazingira yake hawakuyaona. Umeme ukikatika ofisini, gizani mko wote. Ukikatika kwa mwenzako aliye mbali, kwako wewe ni mtu asiyejibu.

Maandishi yanaongeza tatizo jingine ambalo mazungumzo hayana: hayachuji. Neno lililosemwa kwa mdomo hufifia, na kumbukumbu hulilainisha. Ujumbe unabaki kama ulivyo, unaweza kufunguliwa usiku wa manane, ukasomwa mara ya kumi, ukatumiwa rafiki ili naye ashuhudie. Ray Friedman na Steven Currall, waliochunguza mwaka 2003 jinsi barua pepe inavyochochea migogoro, waliutaja uwezo huu wa kurudia na kupekua maneno kuwa miongoni mwa mambo yanayoikuza hasira. Kila ukisoma tena unasoma ukiwa tayari umeshahukumu, kwa hiyo unaona ushahidi zaidi. WhatsApp ilipoleta tiki za bluu mwaka 2014 iliongeza kitu kingine: sasa kimya kina saa yake kamili, na aliyekaa kimya anajulikana kwamba alisoma. Zamani ungeweza kumpa mtu nafasi ya shaka kwamba pengine hajaona. Tiki hizo zinaiondoa nafasi hiyo bila kuleta sababu ya kimya chenyewe.

Hapo ndipo naona tofauti ya kweli kati ya timu ya ofisi moja na timu ya mbali. Watu wa ofisi moja nao huandikiana vibaya. Lakini saa sita wanakutana kwenye chakula, mmoja anamwona mwenzake akiwa hoi baada ya kikao, anamsikia akicheka na mtu mwingine, na ile hukumu ya asubuhi inaporomoka bila yeyote kuomba radhi. Pamela Hinds na Mark Mortensen walilinganisha timu 43 za kampuni moja kubwa ya kimataifa, karibu nusu zikiwa zimekaa pamoja na nyingine zimetawanyika, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Timu zilizotawanyika ziliripoti migogoro zaidi, ya kazi na ya watu. Lakini pale ambapo watu walikuwa na mawasiliano ya ghafla, yasiyopangwa, ya kuulizana tu, umbali haukudhuru kwa kiwango kile kile. Naamini mawasiliano hayo yanafanya kazi kwa sababu yanaingia kabla hukumu haijakauka.

Kuna pingamizi zito kutoka kwa watafiti wa mawasiliano yenyewe. Joseph Walther amekuwa akieleza tangu mwaka 1992 kwamba watu wanaoandikiana hujenga uhusiano kamili kama wanaokutana ana kwa ana, ila huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa kila ujumbe hubeba kidogo. Wapeni muda, watajifunza kusomana. Nakubaliana na hoja hii, na majaribio ya Kruger kwa kweli hayaigusi, kwani yalipima sentensi fupi na hayakupima uhusiano wa miaka. Lakini hoja ya Walther ina sharti lililofichika: ujumbe uendelee kutiririka. Kinyongo kinalikata sharti hilo kwanza. Msimamizi wa Mwanza aliyepunguza maneno yake hadi "Sawa" amemnyima mratibu ule wingi wa ujumbe ambao ungemwezesha kumfahamu. Muda unawaponya wanaoendelea kuandikiana. Kwa walionyamaza unapita tu, na hukumu inabaki pale pale.

Wengine watasema watu wazima hawapaswi kudeka, na kwamba anayefanya kazi ya kulipwa asome ujumbe kama maelekezo na aendelee. Jibu langu ni kwamba aliyeumia katika mfano wetu hakudeka. Alisoma sentensi mbili kwa kanuni za heshima anazozitumia kila siku, na kwa kanuni hizo zilikuwa za dharau. Kumwambia asihisi ni kumtaka aache kujua lugha yake. Wapo pia wanaopendekeza vikatuni vya tabasamu, na kwa watu waliokwisha kuzoeana vinasaidia kiasi. Kwa wasiofahamiana, uchunguzi wa Ella Glikson na wenzake uligundua kwamba tabasamu katika barua rasmi ya kazi halikumfanya mwandishi aonekane mchangamfu, ila lilimfanya aonekane hana uwezo mkubwa. Na katika mfano wetu, kikatuni cha tabasamu baada ya "Nitumie zote leo" kingeweza kusomwa kama kebehi.

Dawa ninayoitetea ni ya kufupisha muda, na ina sehemu mbili zisizolingana kwa uzito. Ile ndogo ni ya mwandishi. Kruger na wenzake waliwataka baadhi ya washiriki wazisome sentensi zao kwa sauti iliyo kinyume na waliyoikusudia, na kujiamini kwao kupita kiasi kulipungua. Mratibu angeweza kufanya hivyo kwa sekunde tano: asome "Nitumie zote leo" kwa sauti ya mtu mwenye hasira. Kama sentensi inaivaa hasira hiyo bila kupasuka popote, ajue kwamba kuna mtu ataisoma hivyo. Halafu aongeze kile ambacho msomaji hawezi kukiona: niko na mfadhili, ameniuliza sasa hivi. Maneno sita ya mazingira yana faida kuliko maneno ishirini ya upole, kwa sababu yanaiziba ile nafasi ambamo msomaji angeweka tabia mbaya ya mwandishi.

Sehemu kubwa ni ya baada ya kutuma, na inapaswa kubebwa na mwenye cheo. Mdogo aliyeumia hawezi kuuliza "umekasirika?" bila kuonekana mnyonge au mkorofi, kwa hiyo kumwachia yeye wajibu wa kuuliza ni sawa na kupanga kwamba swali lisiulizwe. Kiongozi wa timu anaweza kuweka kawaida moja inayojulikana na wote: jibu la neno moja kwa ombi zito, au kimya cha siku nzima, humfanya aliyeomba atume ujumbe wa sauti, na hakuna nakala inayokwenda kwa mkubwa kabla ya ujumbe huo. Nachagua ujumbe wa sauti kwa makusudi. Simu inahitaji wote wawili wawe hewani wakati mmoja, jambo gumu kwa aliye kwenye kivuko, na gumu zaidi kati ya Nairobi na Toronto, ambako jioni ya mmoja ni usiku wa manane kwa mwingine. Ujumbe wa sauti unasubiri kama barua lakini unabeba sauti, na ile tofauti ya asilimia 73 na 56 inarudi upande wetu. Una mipaka yake: haupekuliki, unakula bando, na hauwezi kusikilizwa katikati ya kikao. Kwa hiyo maelekezo yabaki kwenye maandishi, na sauti itumike pale penye shaka. Jumanne ile, badala ya alama ya kuuliza, sekunde ishirini za "habari za kazi, nilikuandikia jana nikiwa kikaoni, kuna tatizo gani huko?" zingepata jibu la vishikwambi mara tu mtandao uliposhika.

Ni lazima niweke mpaka hapa, kwa sababu hoja hii inaweza kutumiwa vibaya. Si kila maumivu ni ya kusoma vibaya. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kwa miaka mingi aliwaandikia wachangiaji wa mradi huo, waliotawanyika duniani kote, maneno makali waziwazi. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani na kukaa kando kwa muda. Waliokuwa wakiumia hawakukosea kusoma. Kiongozi anayejibu kila lalamiko kwa "umenielewa vibaya" anageuza udhaifu wa maandishi kuwa kinga yake. Kipimo changu ni rahisi. Ujumbe uliosomwa vibaya hubadilika maana msomaji anapopewa jambo alilokuwa hajui, kama kikao kile cha mfadhili. Ujumbe wa dharau unabaki wa dharau hata baada ya maelezo yote, na unajirudia kwa watu wale wale huku wakubwa wakiandikiwa vizuri.

Kinyongo kilichokwisha kukomaa ni kazi nyingine, na wengi huianza vibaya kwa kuwaketisha wawili na kuufungua ujumbe wa zamani. Kufikia hapo kila mmoja anaujua kwa moyo, na kikao kinakuwa kesi. Msuluhishi ni afadhali aanze na kazi iliyosimama. Mratibu aliyegundua kasoro ya dodoso kwa kuchelewa asiulize kwa nini hakuambiwa. Ampigie msimamizi, amwambie takwimu za kipato zinagongana, na aombe msaada wake kuelewa wavuvi wanajibu nini. Hapo mwenzake anapata nafasi ya kurudi akiwa mjuzi wa eneo lake, si mshtakiwa. Habari za Jumatatu ile zikijitokeza zenyewe, na mara nyingi hujitokeza, mratibu aseme alikuwa wapi alipoandika, na asikilize habari ya vishikwambi hadi mwisho. Baada ya hapo asitegemee salamu ndefu au vicheko kama dalili kwamba mambo yametengemaa, kwa kuwa hivyo mtu anaweza kuvitoa kwa adabu tu. Atazame kama msimamizi ameanza tena kumwandikia mambo ambayo hakuulizwa.